Kupima Mkondo wa Betri ya Shule kwa Kikinza Kidogo na Kikuza-Tofauti

Makala hii yakusudia kumweleza mwalimu mwanachuo jinsi ya kutengeneza kipimo cha mkondo wa umeme kitakachokaa daima kwenye betri ya shule, na jinsi ya kukitumia kufundishia Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Shabaha yake hasa ni moja: kuonyesha namna thamani ya kikinza cha kupimia inavyochaguliwa, kwa kuwa hapo ndipo kipimo kizuri na kibaya vinapoachana.

Tuchukue shule ya msingi ya kijijini, iwe Bunda, iwe Butiama, au kandokando ya ziwa karibu na Musoma, ambayo ina paneli ya umeme wa jua na betri ya risasi ya volti 12. Jioni betri hiyo huwasha taa za chumba ambamo wanafunzi wa Darasa la Saba hujisomea. Taratibu watu huongeza redio, kisha simu za kuchajiwa, na hakuna ajuaye betri inatoa ampea ngapi. Siku moja taa hufifia kabla ya kipindi kwisha. Jambo hilo likirudiwa mara kwa mara, na betri ikaachwa siku kadhaa bila kujazwa, sahani zake za risasi hushikwa na ukoko mgumu ambao hauondoki tena, na shule hulazimika kutafuta fedha za kununua nyingine. Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, alichokitoa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mwaka 1967, kilitaka kazi za shule ziwe sehemu ya masomo yake. Kuitunza betri hii kwa kuipima ni kazi ya aina hiyo.

Mita ya kawaida ya fundi ina sehemu ya kupimia ampea 10, lakini mita nyingi za bei nafuu hazikuundwa kuachwa katika sehemu hiyo kwa muda mrefu, na kila inapotumiwa lazima waya ukatwe. Tunahitaji kitu kinachokaa mahali pake usiku na mchana.

1. Kizingiti katika mfereji

Mwalimu aanze na mfereji wa maji wa bustani. Tukiweka ubao mfupi chini ya mfereji, maji huinuka kidogo upande wa juu wa ubao, na upande wa chini hubaki chini. Maji yakiwa mengi, tofauti ya vimo huongezeka. Kwa hiyo anayepima tofauti ya vimo anajua wingi wa maji yanayopita. Lakini ubao ukiwa mrefu mno, bustani hukosa maji.

Katika umeme ubao huo ni kikinza, ambacho mafundi wa redio hukiita rezista. Mkondo unapopita ndani yake, volti za ncha moja huwa juu kuliko za ncha nyingine. Tofauti hiyo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa ukinzani. Pamoja na hayo, kikinza hula nguvu na kuigeuza joto. Kanuni tunazozihitaji ni hizi mbili tu:

```
V = I x R
P = I x I x R
```

Hapa V ni volti, I ni mkondo kwa ampea, R ni ukinzani kwa omu, na P ni nguvu inayopotea kwa wati.

2. Kuamua kilele cha kipimo

Kabla ya kuchagua kikinza, ni lazima tujue mkondo mkubwa kabisa tunaotaka kuusoma. Huo ndio kilele cha kipimo. Katika shule yetu taa zote kwa pamoja zatumia wati 36. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 3. Redio na simu huongeza ampea 1 hivi. Jumla ni ampea 4. Tukiacha nafasi kidogo, kilele kitakuwa ampea 5.

Ili wanafunzi wasome bila hesabu ngumu, tunataka kila ampea 1 ionekane kama volti 1 kwenye mita. Ampea 5 zitasomeka volti 5.

Mwanafunzi mwepesi atasema mara moja: basi tuweke kikinza cha omu 1, maana 5 mara 1 ni 5. Hesabu yake ni sahihi, lakini atazame kanuni ya pili. Ampea 5 mara 5 mara omu 1 ni wati 25. Kikinza kitaungua kama jiko, na taa zilizohitaji volti 12 zitabaki na volti 7. Kipimo kimekula karibu nusu ya umeme kilichotakiwa kuuhesabu. Ubao wetu umefunga mfereji.

3. Kukuza tofauti

Dawa ni kutumia kikinza kidogo sana, kinachotoa tofauti ndogo ya volti, kisha kuikuza tofauti hiyo kwa saketi nyingine isiyobeba mkondo wa taa. Saketi hiyo ndiyo kikuza-tofauti. Hufanya kazi kama mizani ya dukani. Ukiweka mawe yaliyo sawa katika sahani zote mbili, mshale hausogei, hata mawe yawe mazito namna gani. Kinachousogeza ni tofauti peke yake. Kikuza-tofauti nacho hupokea waya mbili, hupuuza kile kilicho sawa katika waya zote mbili, na kutoa tofauti iliyokuzwa mara kadhaa.

Upo ushawishi wa kuchagua kikinza kidogo mno, maana nguvu haitapotea na kikuzaji kitafidia. Lakini kikuzaji chenyewe si mizani kamilifu. Kidude kinachopatikana kwa urahisi kwa mafundi wa redio, kiitwacho LM358, chaweza kuwa na kosa la kuzaliwa la hadi milivolti 7 kwenye milango yake. Hii ni kama mizani ambayo sahani moja ina tope chini yake. Kikuzaji hukuza kosa hilo pamoja na tofauti yenyewe. Hapa chini tumelinganisha vikinza vinne, vyote kwa kilele cha ampea 5:

| Kikinza | Tofauti ya volti | Nguvu inayopotea | Kukuza mara | Kosa linaloweza kutokea |
|---|---|---|---|---|
| omu 1 | volti 5 | wati 25 | – | dogo mno |
| omu 0.1 | volti 0.5 | wati 2.5 | 10 | ampea 0.08 |
| omu 0.05 | volti 0.25 | wati 1.25 | 20 | ampea 0.15 |
| omu 0.01 | volti 0.05 | wati 0.25 | 100 | ampea 0.7 |

Msomaji aitazame safu ya tatu na ya mwisho kwa pamoja. Tukishuka, upotevu hupungua na kosa hukua. Kikinza cha omu 0.01 hakipotezi nguvu ya kutajika, lakini kosa la ampea 0.7 laweza kuficha redio na simu zote. Kikinza cha omu 0.1 husoma vizuri, lakini huzinyima taa nusu volti wakati betri imeanza kuchoka na kila sehemu ya volti ina thamani. Kwa shule yetu tunachagua omu 0.05. Taa hupoteza robo ya volti tu mkondo ukiwa katika kilele, na kosa laweza kupunguzwa kwa njia tutakayoieleza.

4. Kuhakiki joto

Kikinza cha omu 0.05 si rahisi kupatikana dukani. Lakini vikinza viwili vya omu 0.1 vikiunganishwa sambamba hutoa omu 0.05. Tafuta vile vyeupe vya saruji vilivyoandikwa wati 5. Mkondo hugawanyika sawasawa, ampea 2.5 kwa kila kimoja, na kila kimoja hubeba nusu ya wati 1.25, yaani wati 0.625. Hiyo ni sehemu ndogo ya wati 5 zilizoandikwa.

Uhakiki usiishie kwenye kilele. Mwalimu ajiulize: ikitokea hitilafu, je? Karibu na ncha chanya ya betri tutaweka fyuzi ya ampea 7.5. Basi mkondo unaoweza kudumu bila fyuzi kukatika ni kama ampea 7.5. Zidisha 7.5 mara 7.5 mara 0.05, upate wati 2.8, au wati 1.4 kwa kila kikinza. Bado ni salama. Kama desturi njema, kikinza kilichofungwa ndani ya sanduku kisibebe zaidi ya nusu ya wati zake, kwa kuwa joto halina pa kwenda. Kiinuliwe kidogo kutoka kwenye ubao, na kisiguse plastiki.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie kipande cha waya wa shaba badala ya kununua kikinza. Sababu ni kwamba ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 4 kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10. Kipimo cha asubuhi na kipimo cha saa nane mchana havitapatana.

5. Mahali pa kuweka kikinza

Kikinza chaweza kuwekwa kwenye waya chanya au kwenye waya hasi. Sisi tunakiweka kwenye waya hasi, na sababu ni mbili. Kwanza, LM358 inayotumia umeme wa volti 12 haiwezi kushughulikia milango yake ikiwa imepanda zaidi ya volti 10.5 hivi. Kwenye waya chanya milango hiyo ingefika volti 11.4, na kipimo kingedanganya. Pili, mizani yetu inategemea vikinza vinne vidogo kuwa sawa wawili wawili. Hata vikiwa vya usahihi wa asilimia 1, kasoro zao zikijipanga vibaya, volti 12 zilizo sawa katika waya zote mbili zaweza kuonekana kama ampea 0.45 ambazo hazipo. Kwenye waya hasi volti za pamoja ni karibu na sifuri, kwa hiyo kasoro hiyo haina kitu cha kukuza.

Mtu aweza kusema kwamba, ikiwa upande mmoja wa kikinza uko kwenye hasi, kikuzaji cha kawaida chenye mlango mmoja chatosha. Jibu liko kwenye waya. Mita 1 ya waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.007. Hiyo ni kama asilimia 14 ya kikinza chetu. Kikuzaji cha mlango mmoja kingeihesabu waya hiyo pamoja na kikinza. Kikuza-tofauti hakiihesabu, mradi waya zake mbili za kusomea zilehemiwe kwenye miguu ya kikinza chenyewe, wala si mbali na hapo.

Ikiwa shule ina kidhibiti cha chaji, kikinza kiwekwe mara baada ya kituo hasi cha kutolea umeme wa taa, na umeme wa kikuzaji uchukuliwe kwenye vituo hivyo hivyo viwili vya taa. Katika vidhibiti vingi hasi ya taa si ile ile hasi ya betri, na anayezichanganya huharibu kipimo. Kwa mpangilio huu kipimo kinasoma umeme unaotumika tu. Umeme unaoingia kutoka kwenye paneli hakiuoni.

6. Kuunganisha

Tuite ncha ya kikinza iliyo upande wa taa A, na ile iliyo upande wa betri B. Mkondo unatoka A kwenda B, kwa hiyo A ndiyo yenye volti za juu. LM358 ina miguu minane.

Kutoka A, weka kikinza cha omu 10,000 hadi mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3, weka cha omu 200,000 hadi hasi. Kutoka B, weka cha omu 10,000 hadi mguu wa 2. Kutoka mguu wa 2, weka cha omu 200,000 hadi mguu wa 1. Mguu wa 4 uende hasi na mguu wa 8 uende chanya. Nusu ya pili ya kidude haitumiki: unganisha mguu wa 6 na wa 7, na wa 5 upeleke hasi. Mita ya volti iwe kati ya mguu wa 1 na hasi. 200,000 ukigawanya kwa 10,000 ni 20, nayo ndiyo idadi ya mara tunazokuza:

```
V(mita) = 20 x (V(A) - V(B))
```

Mwalimu awaonye wanafunzi kwamba kazi hii ni ya betri ya volti 12 peke yake. Isiguswe hata kidogo kwenye umeme wa nyumba wa volti 230.

7. Kujaribu na kugundua makosa

Mzigo mzuri wa majaribio ni balbu ya gari ya wati 21, ile ya taa ya kuashiria kona. Kwa volti 12 hutumia karibu ampea 1.75.

Kwanza zima kila kitu na usome mita. Ikionyesha, kwa mfano, volti 0.09, hilo ndilo kosa la kuzaliwa. Liandikwe juu ya sanduku, na litolewe katika kila usomaji. Ikionyesha karibu sifuri, usifurahi upesi. Yawezekana kosa limeangukia upande wa chini ya sifuri, ambako kikuzaji hakiwezi kushuka, na mikondo midogo itafichwa. Ili kujua, washa kitu kidogo kinachotumia ampea 0.1. Kama mshale hausogei, hamishia saketi kwenye nusu ya pili ya kidude, yenye miguu ya 5, 6 na 7, kwa maana kosa lake huwa tofauti.

Kisha washa balbu moja, na upime pia kwa mita ya fundi kwa muda mfupi. Vikinza vya saruji huweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, hivyo vipimo viwili visipolingana kabisa, tafuta uwiano wao na uuandike. Kipimo kikisoma sifuri hali balbu inawaka, waya ya A imeachia. Kikisoma karibu volti 0.08 mahali pa 1.75, waya ya B ndiyo iliyoachia, na kikuzaji kimeacha kukuza. Kikisoma juu kuliko mita ya fundi kwa asilimia kumi au zaidi, chunguza kama waya za kusomea zimelehemiwa mbali na miguu ya kikinza.

8. Somo darasani

Wanafunzi wasome kipimo balbu moja ikiwaka, kisha mbili. Watapata karibu 1.75 na 3.5. Wakokotoe nguvu inayopotea katika kikinza kwa kila hali: wati 0.15, kisha wati 0.61. Mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne. Mwalimu asitangulie kuwaambia. Awaache waione tofauti hiyo katika daftari zao, kisha awaulize ni herufi gani katika kanuni inayosababisha.

Halafu somo lirudi kwenye betri. Taa zikitumia ampea 3 kwa saa 4, betri imetoa ampea-saa 12. Kikinza katika muda huo kimepoteza wati 0.45 mara saa 4, yaani wati-saa 1.8, kati ya wati-saa 144 zilizotumika. Ni kama asilimia 1.25. Hiyo ndiyo ada shule inayolipa ili ijue hali ya betri yake. Mwanafunzi wa zamu aandike usomaji saa kumi na mbili na nusu jioni na saa mbili usiku. Siku mkondo utakapoonekana ampea 4.5 badala ya 3, darasa litafute kilichoongezwa kabla taa hazijafifia.

Maswali ya mazoezi

1. Mvuvi wa dagaa wa Musoma ana taa za betri ya volti 12 zinazotumia ampea 8 kwa pamoja. Chagua kilele cha ampea 10. Ukitaka tofauti ya volti isizidi 0.2, kikinza kiwe cha omu ngapi, na kitapoteza wati ngapi katika kilele?

2. Mvuvi huyo anataka ampea 10 zisomeke volti 5. Kikuza-tofauti kikuze mara ngapi?

3. Kosa la kikuzaji likiwa milivolti 7, ni ampea ngapi zaweza kusomwa kimakosa? Je, mvuvi aweza kulivumilia kosa hilo? Toa sababu.